Jinsi ya Kumwandikia Mwenye Ploti Muhtasari wa Uamuzi wa Kibali cha Ujenzi

Vijana wanaoanza kazi katika afisi za wasanifu majengo, wapangaji wa miji na mawakili hapa Kisumu huuliza swali moja tena na tena: barua ya kaunti imetoka, mwenye ploti anapiga simu akitaka kujua imesema nini, sasa nimwandikie nini? Wakati mwingine anayeuliza ni mtoto wa mwenye ploti, ambaye ametumiwa barua hiyo kwenye simu na kuambiwa na mzazi wake, "Wewe umesoma, nieleze." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao wote. Unahusu uamuzi unaotolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, na kwa hivyo utamfaa pia aliye Nakuru, Kakamega au Busia, ingawa fomu za kaunti moja zaweza kutofautiana kidogo na za nyingine.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja ana ploti mbili zinazopakana huko Mamboleo, kila moja ikiwa futi hamsini kwa mia. Katika ploti ya kwanza anataka kujenga nyumba za kupangisha za orofa nne. Katika ploti ya pili kuna nyumba ya zamani ambayo anataka kuigeuza kuwa maduka, na kwa sababu hiyo ameomba ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Maombi yote mawili yaliwasilishwa kwa pamoja na msanifu wake, na majibu yametoka kwa pamoja: ombi la kwanza limekubaliwa kwa masharti, la pili limekataliwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya uamuzi yenyewe, kurasa zote, pamoja na kiambatisho chochote chenye masharti. Picha ya ukurasa wa kwanza iliyotumwa kwa simu haitoshi, kwa kuwa masharti mazito mara nyingi huwa nyuma.
- Ramani zilizopigwa muhuri wa kaunti, ikiwa ombi limekubaliwa.
- Nakala ya ombi lililowasilishwa, ili ulinganishe kilichoombwa na kilichotolewa.
- Nakala ya hatimiliki na ramani ya mipaka ya ploti.
- Rekodi ya siku ambayo barua ilipokelewa: barua pepe, ujumbe kutoka mfumo wa mtandaoni wa kaunti, au muhuri wa kupokea.
- Kalenda inayoonyesha sikukuu za umma.

Ukikosa ramani zilizopigwa muhuri, usianze kuandika sehemu ya masharti. Sababu yake itaonekana katika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Thibitisha ni uamuzi wa aina gani

Soma sentensi inayotaja uamuzi kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Katika fomu ya zamani ya majibu, ambayo watu wengi wa afisi bado huiita PPA 2 na ambayo muundo wake ungali unaonekana katika barua nyingi za sasa, maneno matatu huchapishwa kwa kufuatana: limekubaliwa, limekataliwa, limeahirishwa. Afisa hukata kwa kalamu maneno mawili yasiyohusika. Barua ikishapigwa picha au kuskaniwa, mstari huo wa kalamu huweza kufifia hata usionekane. Ukitilia shaka, tafuta karatasi ya asili au angalia hali ya ombi kwenye mfumo. Usikisie kutokana na maelezo yanayofuata, kwa sababu orodha ya "masharti" na orodha ya "sababu" zaweza kufanana sana.

Kuahirishwa si kukataliwa. Ombi lililoahirishwa linasubiri jambo fulani lirekebishwe, na barua huwa inataja jambo hilo. Ukimwandikia mwenye ploti kwamba amekataliwa ilhali ameahirishwa, atatafuta wakili badala ya kutafuta stakabadhi moja inayokosekana.

Hakikisha pia kwamba nambari ya ploti katika barua ni ile iliyo katika hatimiliki. Kosa la tarakimu moja katika barua ya kibali linapaswa kusahihishwa na afisi iliyoitoa mara moja, na muhtasari wako lazima ulitaje.

Hatua ya 2: Andika tarehe tatu, kisha uhesabu makataa ya rufaa

Hapa ndipo panapoharibika zaidi, na ndipo ninapokuomba uende polepole. Barua moja huweza kuwa na tarehe ya kikao kilichotoa uamuzi, tarehe ya sahihi, na tarehe ambayo mwenye ploti au mwakilishi wake aliipata. Ziandike zote tatu.

Katika mfano wetu, uamuzi ulifanywa Jumanne tarehe 3 Machi 2026. Barua ilitiwa sahihi Ijumaa tarehe 6. Msanifu aliipata kwenye mfumo Jumatano tarehe 11 Machi, kwa sababu arifa ilitumwa kwa anwani yake yeye aliyewasilisha maombi, wala si kwa Mama.

Kifungu cha 61 cha sheria hiyo kinampa mwombaji, au mtu mwingine anayehusika, siku kumi na nne za kukata rufaa dhidi ya uamuzi. Siku hizo zimefungwa kwenye uamuzi wenyewe, si kwenye siku ambayo mtu aliifungua barua. Kwa hivyo hesabu kutoka tarehe ya uamuzi. Siku ya uamuzi haihesabiwi. Siku ya kwanza ni ile inayofuata. Tarehe 4 Machi ni siku ya kwanza, na tarehe 17 Machi ni siku ya kumi na nne. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa kama siku nyingine.

Kuna njia nyepesi ya kujikagua: kwa kuwa siku kumi na nne ni wiki mbili kamili, siku ya mwisho lazima iwe na jina lile lile la siku ya uamuzi. Uamuzi wa Jumanne hufikia mwisho Jumanne. Ukipata Jumatatu au Jumatano, umekosea kuhesabu.

Siku ya mwisho ikiangukia sikukuu ya umma, kanuni za jumla za kufasiri sheria huisogeza hadi siku inayofuata isiyo ya mapumziko. Uamuzi wa Ijumaa tarehe 17 Aprili 2026, kwa mfano, ungefikia mwisho tarehe 1 Mei, ambayo ni Siku ya Wafanyakazi. Hata hivyo, katika muhtasari mwandikie mwenye ploti tarehe 30 Aprili. Siku ya ziada mwachie wakili aitetee ikihitajika. Wewe usimpangie mtu rufaa juu ya siku ambayo afisi imefungwa.

Sasa tazama hasara aliyo nayo Mama. Akihesabu kutoka siku ambayo barua ilionekana, atadhani ana hadi tarehe 25 Machi. Akihesabu kutoka tarehe ya sahihi, atadhani ana hadi tarehe 20. Tarehe salama ni 17 Machi, na kufikia siku ambayo msanifu aliipata barua, zimebaki siku sita tu. Tarehe ya kupokea bado ina kazi yake, kwa kuwa wakili anaweza kuitegemea endapo makataa yatapita, lakini isiwe ndiyo unayompa mwenye ploti ajipangie nayo.

*Onyo:* usiandike "una siku kumi na nne". Andika siku na tarehe kamili. Anayesoma "siku kumi na nne" huanza kuzihesabu siku aliposoma.

Hatua ya 3: Linganisha kilichoombwa na kilichotolewa

Weka ombi na barua mkabala. Angalia idadi ya orofa, idadi ya nyumba, matumizi yaliyotajwa na eneo la ploti litakalofunikwa na jengo. Barua yaweza kusema "limekubaliwa" huku ikiwa imepunguza orofa mbili. Huo ni ukubali kwa jina, lakini kwa mwenye ploti aliyekopa benki akitegemea kodi ya orofa zote, ni kukataliwa kwa sehemu, na muhtasari unapaswa kulisema hilo katika mistari ya mwanzo. Asiyeridhika na masharti naye amepewa haki ya rufaa, kwa kuwa sheria inazungumza juu ya anayesikitishwa na uamuzi, si juu ya aliyekataliwa peke yake.

Katika mfano wetu, orofa nne ziliombwa na orofa nne zimetolewa. Kwa hivyo tunaendelea.

Hatua ya 4: Panga masharti kwa wakati wa kutekelezwa, kisha uyasome kwa pamoja

Barua huorodhesha masharti kwa mpangilio wa afisi. Mwenye ploti anahitaji mpangilio wa kazi: yapi yatimizwe kabla ya jembe la kwanza, yapi wakati wa ujenzi, na yapi kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Bakiza nambari ya sharti kama ilivyo katika barua, ili yeyote aweze kulirejelea.

Barua ya Mama ina masharti sita:

1. Kuwasilisha ramani za miundo na ripoti ya uchunguzi wa udongo, zikiwa zimetiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa, kabla ya kazi kuanza.
2. Kutoa mita 3 za upande wa mbele wa ploti kwa upanuzi wa barabara.
3. Jengo kuwa angalau mita 6 kutoka mpaka mpya wa mbele.
4. Kusajili mradi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.
5. Kuita mkaguzi wa kaunti kabla ya kumwaga zege katika kila hatua.
6. Kupata cheti cha kukaliwa kabla ya kupangisha.

Masharti ya 1, 2, 3 na 4 ni ya kabla ya kuchimba. La 5 ni la wakati wa ujenzi, na la 6 ni la mwisho. Sharti la udongo lisikushangaze: sehemu kubwa za Kisumu zina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija, na msingi wa orofa nne hauwezi kukadiriwa kwa macho. Mwandikie mwenye ploti kwamba ripoti hiyo inahitaji mashimo yachimbwe katika ploti na sampuli zipelekwe maabara, ili asidhani ni barua ya kuandikiwa mezani.

Kazi nzito imo katika masharti ya 2 na 3. Ukiyasoma moja moja, kila moja linaonekana dogo. Ukiyasoma pamoja huku ramani iliyopigwa muhuri ikiwa mbele yako, mambo yanabadilika. Ploti ya hamsini kwa mia ina upana wa takriban mita 15 na kina cha takriban mita 30, yaani mita za mraba 450 hivi. Kutoa mita 3 upande wa mbele ni kutoa mita za mraba 45, sehemu moja ya kumi ya ardhi ya Mama. Tena, ramani iliyopigwa muhuri inaonyesha jengo likiwa mita 6 kutoka mpaka wa zamani. Mpaka ukirudi nyuma mita 3, jengo lile lile litakuwa mita 3 tu kutoka mpaka mpya, ilhali sharti la 3 linadai mita 6. Maana yake ni kwamba barua na ramani, zote zikiwa na muhuri wa kaunti, hazipatani. Fundi akifuata ramani atavunja sharti. Akifuata sharti ataacha ramani.

Muhtasari usioligusa jambo hili haujamsaidia Mama, hata ukiwa umenakili masharti yote sita bila kosa. Liandike waziwazi, ueleze kwamba msanifu anapaswa kuiomba afisi ya mipango ufafanuzi kwa maandishi, na utaje kwamba kuomba ufafanuzi hakusimamishi siku za rufaa. Iwapo jibu halitakuwa limepatikana kufikia siku mbili kabla ya makataa, Mama ataamua pamoja na wakili kama akate rufaa juu ya masharti hayo mawili.

*Onyo:* usigeuze sharti kuwa pendekezo. "Unashauriwa kusajili mradi" na "lazima usajili mradi kabla ya kuanza" ni mambo mawili tofauti kabisa. Barua ikisema lazima, nawe sema lazima.

Hatua ya 5: Tenganisha sababu za kukataliwa kulingana na dawa yake

Sheria inadai kwamba anayekataa ombi aeleze sababu kwa maandishi. Nakili kila sababu kwa ufupi, kisha ujiulize swali moja: je, hili linarekebishika kwa karatasi, kwa kuchora upya, au halirekebishiki bila uamuzi wenyewe kubadilika?

Ombi la maduka la Mama limekataliwa kwa sababu tatu. Ya kwanza, mpango wa eneo umeitenga sehemu hiyo kwa makazi. Ya pili, hapakuwa na ushahidi kwamba umma ulitangaziwa kuhusu mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Ya tatu, mchoro haukuonyesha mahali pa kuegesha magari.

Sababu ya pili ni ya karatasi. Tangazo kama lilitolewa, nakala ya gazeti na picha ya bango lililowekwa kwenye ploti zitaonyesha hivyo. Kama halikutolewa, itabidi litolewe na watu wapewe nafasi ya kupinga. Sababu ya tatu ni ya kuchora upya. Sababu ya kwanza ni mzizi wa ukataaji. Mama anaweza kuleta ushahidi wa tangazo na kuchora maegesho mazuri, na bado akakataliwa, kwa kuwa ukanda ni wa makazi. Waandishi wengi wapya huziorodhesha sababu tatu kana kwamba zina uzito mmoja, na mwenye ploti hukimbilia ile rahisi, akalipa gazeti na msanifu, kisha akarudi pale pale. Weka sababu ya mzizi juu, hata kama katika barua imeandikwa mwisho.

Usimwambie Mama kwamba rufaa yake itafaulu au itashindwa. Mwambie ni swali gani rufaa italazimika kujibu: je, mpango wa eneo unakataza maduka kabisa katika mtaa huo, au unaruhusu maduka madogo yanayowahudumia wakazi? Jibu limo katika kanuni zilizoambatana na mpango huo, na mtu wa kulisoma ni mpangaji wa miji aliyesajiliwa.

Hatua ya 6: Eleza rufaa inapelekwa wapi

Rufaa ya kwanza haipelekwi mahakamani. Hupelekwa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti, kwa maandishi, kupitia fomu na ada iliyowekwa. Asiyeridhika na uamuzi wa kamati hiyo ndiye anayeweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina vituo Kisumu, Nakuru na Kakamega, miongoni mwa miji mingine. Aya moja fupi inatosha kwa hili.

Ongeza jambo ambalo wengi husahau. Haki ya rufaa si ya mwombaji peke yake. Jirani aliyepinga ujenzi anaweza naye kukata rufaa dhidi ya kibali alichopewa Mama, ndani ya siku zizo hizo. Kwa hivyo hata kwa ploti iliyokubaliwa, ni busara asilipe kontrakta wala kuchimba msingi kabla ya tarehe 17 Machi kupita na afisi kuthibitisha kwamba hakuna rufaa iliyopokelewa.

Hatua ya 7: Andika muhtasari, usizidi ukurasa mmoja na nusu

Anza na uamuzi, kisha makataa, kisha kinachohitaji kuamuliwa sasa. Masharti ya kawaida yaje baadaye. Muhtasari wa Mama ungeweza kuwa hivi:

> Mama, kaunti imetoa majibu mawili kwa maombi yako, yote yakiwa na tarehe ya uamuzi ya Jumanne 3 Machi 2026. Tuliyapata Jumatano 11 Machi.
>
> Ploti ya kwanza (nyumba za kupangisha, orofa nne): imekubaliwa kwa masharti sita.
> Ploti ya pili (kugeuza nyumba kuwa maduka): imekataliwa.
>
> Siku ya mwisho ya rufaa kwa yote mawili ni Jumanne 17 Machi 2026. Rufaa hupelekwa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya kaunti.
>
> Jambo la kuamua kabla ya siku hiyo, ploti ya kwanza. Sharti la 2 linakutaka utoe mita 3 za mbele kwa barabara, takriban sehemu moja ya kumi ya ploti. Sharti la 3 linataka jengo liwe mita 6 kutoka mpaka mpya. Ramani iliyopigwa muhuri inaliweka jengo mita 3 tu kutoka mpaka huo. Barua na ramani hazipatani. Msanifu anaomba ufafanuzi kwa maandishi leo. Jibu lisipofika kufikia Jumapili 15 Machi, tafadhali uwe umezungumza na wakili kuhusu rufaa.
>
> Jambo la kuamua kabla ya siku hiyo, ploti ya pili. Sababu kuu ya kukataliwa ni kwamba eneo limetengwa kwa makazi (sababu ya 1). Sababu nyingine mbili, yaani ushahidi wa tangazo (ya 2) na maegesho (ya 3), zinarekebishika, lakini kuzirekebisha peke yake hakutaiondoa ya kwanza.
>
> Kabla ya kuchimba, ploti ya kwanza: ramani za miundo na ripoti ya udongo (sharti la 1), kusajili mradi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (la 4). Wakati wa ujenzi: mkaguzi aitwe kabla ya kila zege (la 5). Kabla ya kupangisha: cheti cha kukaliwa (la 6).
>
> Tafadhali usianze kazi yoyote katika ploti ya kwanza kabla ya tarehe 17 Machi kupita na masharti ya kabla ya kuchimba kutimizwa. Katika ploti ya pili, kuanza kugeuza nyumba bila ruhusa ni kosa la jinai. Faini yake inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili.
>
> Muhtasari huu hauchukui nafasi ya barua. Barua zote mbili zimeambatishwa.

Ukishaandika, mpe mtu ambaye hajaiona barua ausome, kisha umwulize mambo mawili: siku ya mwisho ni lini, na Mama anatakiwa kufanya nini wiki hii. Akisitasita katika mojawapo, rudi uandike upya sehemu hiyo.

Mambo yakienda kombo

*Barua haina tarehe ya uamuzi, ila tarehe ya sahihi pekee.* Tumia tarehe ya sahihi, lakini iulize afisi kwa maandishi siku ambayo uamuzi ulifanywa. Uliza siku iyo hiyo unapoipata barua, kwa kuwa huenda uamuzi ulitangulia sahihi kwa siku kadhaa.

*Barua imekataa ombi bila kutoa sababu, au imesema tu "halikufikia viwango".* Liandike hivyo hivyo, bila kujaza pengo kwa dhana yako. Omba sababu kwa maandishi, na uandike katika muhtasari kwamba kukosekana kwa sababu ni hoja inayoweza kutajwa katika rufaa. Makataa yanaendelea kuhesabiwa.

*Mwenye ploti anataka kuwasilisha ombi jipya badala ya rufaa.* Anaruhusiwa, na pale ambapo kasoro ni za karatasi na michoro tu, hiyo huwa njia ya gharama nafuu. Mweleze hata hivyo kwamba ombi jipya halishikilii nafasi ya rufaa. Likikataliwa kwa sababu ile ile ya mzizi baada ya tarehe 17 Machi, rufaa dhidi ya uamuzi wa kwanza itakuwa imempita.

*Siku za rufaa zimekwisha kabla barua haijakufikia.* Usiandike "haiwezekani tena", wala usimpe matumaini. Kusanya ushahidi wa siku na saa barua ilipoonekana kwenye mfumo, uweke pamoja na barua, na umwelekeze mwenye ploti kwa wakili siku iyo hiyo.

*Hakuna barua yoyote iliyotoka.* Sheria inasema kwamba siku sitini zikipita bila jibu la maandishi, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Wenye ploti wengi wameisikia kanuni hii na hutaka kuanza kuchimba siku ya sitini na moja. Katika muhtasari, taja tarehe ombi lilipopokelewa na tarehe ambayo siku sitini zilitimia, kisha umshauri aiandikie kaunti akitaja kifungu cha 58 na kuomba uthibitisho kabla ya kuanza. Mkaguzi atakayefika kwenye ploti atadai ramani zenye muhuri, na ukimya wa afisi hauna muhuri wa kumwonyesha.